Kasisi ndani ya glasi: kuifundisha pua majina ya mvinyo

Siku yangu ya kwanza kwenye mafunzo ya huduma ya mvinyo, mwalimu aliinusa glasi ya Cabernet Sauvignon, mvinyo mwekundu, akasema ina "kasis". Mimi nikasikia kasisi. Nikainusa tena na tena nikitafuta ubani wa kanisani, na kweli nikaupata kidogo, maana pua ni rahisi kudanganywa na neno.

Kasis ni tunda dogo jeusi la Ulaya ambalo wengi wetu hatujawahi kuliona. Ila Ribena tumeinywa, na Ribena hutengenezwa kwa tunda hilohilo. Kwa hiyo nyie mnaoanza, msikariri jina. Mimina mvinyo mwekundu wa bei ndogo kwenye glasi tatu, theluthi ya glasi kila moja. Katika moja tia kijiko cha chai cha Ribena nzito, ile ya kuchanganya na maji. Zifunike zote kwa visahani dakika kumi, kisha mwenzako azipange upya bila wewe kuona. Usipoweza kuitaja yenye Ribena kwa kunusa tu, bado hujaijua harufu hiyo. Ongeza kijiko, rudia, halafu punguza polepole. Ukishaweza, ndipo unuse Cabernet nzuri isiyotiwa kitu. Wenzangu wengi Zanzibar hawanywi kabisa na wanalifanya zoezi hili vizuri, kwa kuwa kasis, na majina mengine ya harufu za mvinyo kama ngozi na petroli, yote ni kazi ya pua.

Jihadhari na zambarau. Kila darasa yupo anayesema kasis ni zambarau, na namwelewa: rangi inafanana, na zambarau hukaza ulimi kama mvinyo mwekundu unavyokaza. Lakini huko kukaza ni mambo ya mdomoni. Harufu zake ni mbili tofauti.

Petroli ndiyo iliyonitia aibu. Mgeni aliagiza Riesling, mvinyo mweupe, ya bonde la Mosel, Ujerumani, chupa yenye umri wa miaka kumi hivi. Nilipoifungua nikanusa mafuta. Nikaomba radhi, nikairudisha stoo nikiwa na hakika kwamba imewekwa karibu na jenereta. Mgeni akanifuata: chupa ile aliichagua kwa ajili ya harufu hiyohiyo.

Kosa langu la pili lilikuwa kwenda kituo cha mafuta kuitafuta. Petroli ya gari ni kali mno na inachoma. Mjerumani akisema "Petroleum" anamaanisha mafuta ya taa, na Wamarekani nao mara nyingi huandika mafuta ya taa. Hapo sisi tumewatangulia wengi, hasa tuliosomea kibatari. Kumbuka chumba dakika chache baada ya kibatari kuzimwa, kisha weka ndimu iliyokatwa pembeni. Hiyo ndiyo Riesling iliyokomaa. Ukitaka kulinganisha, dondosha tone moja la mafuta ya taa kwenye pamba, uifungie ndani ya chupa ya jamu, ufungue kifuniko kidogo tu na kunusa kwa mbali. Usiyatie kamwe kwenye glasi ya kunywea, hata kwa mzaha.

Harufu hiyo haitoki kwenye mafuta yoyote. Ngozi ya zabibu ina viini vya rangi vya jamaa moja na vile vinavyoipa karoti rangi yake. Vikivunjika, na asidi ya mvinyo ikaendelea na kazi taratibu ndani ya chupa, huzaliwa kemikali iitwayo TDN. Zabibu zilizopigwa na jua kali huwa nayo zaidi, na miaka huiongeza. Ndiyo maana Riesling ya Clare Valley, Australia, inaweza kuonyesha mafuta ya taa ikiwa bado changa, wakati ya Mosel kwa kawaida hungoja. Mgeni akikuuliza kama chupa imeharibika, tazama mwaka na mahali ilikotoka kabla ya kuomba radhi.

Harufu ya ngozi ni rahisi zaidi: nusa makubadhi mapya, upande wa ndani, kabla mguu haujaingia. Utaikuta kwenye mvinyo mwekundu uliozeeka. Wakati mwingine huletwa na hamira ya porini iliyoingia kwenye mapipa, nayo haina kiasi. Ikiwa kidogo, unapata makubadhi. Ikizidi, unapata plasta ya kidonda, kisha banda la punda. Wapo wanaolipenda hata hilo banda. Mimi nikishaanza kunusa plasta namwambia mgeni mapema, achague mwenyewe.

Na pua ikichoka, kama baada ya glasi sita hivi, nusa kiwiko chako mwenyewe kisha urudi kwenye glasi. Kama umejipulizia manukato asubuhi, zoezi liahirishe hadi kesho.