Doa jeusi kwenye ini: awamu moja haitoshi

*Swali: Assalaam aleikum daktari. Mume wangu ana miaka 51, ana hepatitisi B ya miaka mingi na anameza tenofovir. Amepigwa CT skani ya ini, awamu moja tu ya vena porta. Ripoti inasema kuna doa jeusi la milimita 23 upande wa kulia, "limeoshwa, huenda ni saratani". Tumeambiwa turudie kwa awamu tatu na pesa ni ngumu. Kuna mtu ametuletea dawa ya kusafisha ini, anasema doa litayeyuka. Je, ni lazima turudie? (Msomaji, Kisauni)*

Waalaikum salaam, dada yangu. Ndiyo, rudieni. Na hilo neno "limeoshwa" liwekeni kando kwa sasa, kwa sababu aliyeliandika hakuwa na njia ya kuliona.

Hili hunichosha karibu kila wiki. Doa likionekana jeusi kwenye awamu ya vena porta, yaani picha inayopigwa dawa ya kung'arisha ikishafika kwenye ini kupitia ule mshipa mkubwa wa kutoka utumboni, mtu anaandika limeoshwa. Kuoshwa kunahitaji picha mbili: ya mapema doa ling'ae kuliko ini, ya baadaye liwe jeusi kuliko ini. Ukiwa na ya baadaye peke yake, hujui kama liliwahi kung'aa. Ni kama kuonyeshwa picha moja ya feri ya Likoni katikati ya maji uulizwe inakwenda ng'ambo gani. Doa jeusi la namna hiyo laweza kuwa saratani ya ini, au saratani iliyohamia kutoka utumbo, au jipu la amiba, au kifuko cha maji tu.

Sababu iko kwenye damu. Ini hupata takriban robo tatu ya damu yake kupitia vena porta na robo iliyobaki kupitia ateri. Saratani inayoanzia kwenye ini hujijengea mishipa ya ateri na kuiacha vena porta. Kwa hiyo tukidunga kontrasti, ile dawa ya kung'arisha, sekunde kama 35 baadaye ateri imeshajaa na uvimbe unang'aa, ilhali ini lenyewe bado linangoja fungu lake kubwa. Ikifika sekunde ya 70 hivi, vena porta imelileta fungu hilo, ini limeng'aa, na uvimbe usio na mgawo wake unabaki nyuma. Picha ya tatu hupigwa baada ya dakika 3 hadi 5, kwa sababu kuna uvimbe ambao haugeuki mweusi mpaka hapo.

Chukua mfano wa mwanamume mwenye hepatitisi B na uvimbe wa milimita 26. Mwangaza tunaupima kwa vizio vya Hounsfield. Kabla ya kontrasti uvimbe una 48 na ini 55. Kwenye ateri uvimbe unaruka hadi 96, ini lina 64. Kwenye vena porta uvimbe una 98, ini 112. Mwisho kabisa uvimbe ni 76, ini 94. Angalia ile awamu ya vena porta: namba ya uvimbe haikushuka, imepanda kwa mbili, na bado tunasema umeoshwa, kwa sababu tunaulinganisha na ini lililo kando yake katika picha hiyo hiyo. Kama kwenye vena porta ungekuwa 110 kwa 112 na mwisho 93 kwa 94, huo ungekuwa umefifia tu hadi kufanana na ini. Kufifia si kuoshwa, na wanaovichanganya hivi viwili humpa mtu saratani asiyo nayo.

Uvimbe wa mfano huu umeng'aa wote, si ukingoni tu, umeoshwa, umepita milimita 20, na mgonjwa ana hepatitisi B sugu. Kwa LI-RADS, mfumo wa kupanga madoa ya ini kwa uwezekano wa saratani, huyo ni LR-5, yaani karibu hakika ni saratani ya ini, na madaktari wanaweza kupanga matibabu bila sindano ya kuchukua kinyama. Mumeo yumo katika kundi hilo la hatari, ndiyo maana skani ya awamu tatu ina uzito mkubwa kwake. Msichana wa miaka 28 mwenye ini zima akikutwa na doa linalong'aa kwenye ateri, kanuni hii haimhusu. Na kung'aa kukiwa ukingoni tu kama pete, tunaandika LR-M: ni uvimbe wa kuogopwa, lakini pengine ni wa aina nyingine, na hapo kwa kawaida sindano inahitajika.

Kabla hamjalipa, ulizeni mambo mawili. Kwanza, kanula, ile sindano ya plastiki inayoachwa mshipani. Mtu wa kilo 70 hupewa takriban mililita 105 za kontrasti, kwa kasi ya mililita 4 hivi kwa sekunde. Kanula ya waridi kwenye mshipa wa kiwiko huimudu kasi hiyo. Ile ya buluu ya mgongo wa kiganja ni nyembamba, haifai. Watapunguza kasi, kontrasti itafika kidogo kidogo, na uvimbe hautang'aa hata kama ni saratani. Pili, mwombeni msomaji wa picha aandike kama awamu ya ateri ilipigwa kwa wakati wake. Anajua kwa kutazama: vena porta iwe imeanza kuingia kontrasti, na vena za ini zinazotoka kuelekea moyoni ziwe bado hazina kitu. Vena porta ikiwa nyeusi kabisa, wamewahi mno. Vena za ini zikiwa zimeng'aa, wamechelewa. Skani ya awamu tatu iliyokosea wakati huo ni pesa iliyotupwa. Kipimo cha kreatinini, cha kuona kama figo ziko sawa, pia kifanywe kabla, na skani ya kwanza nendeni nayo kwenye diski. Wanaonitumia picha ya filamu iliyopigwa kwa simu dirishani nawarudishia bila jibu.

Sasa huyo wa kusafisha ini. Mumeo asimeze kitu chake. Ini lenye hepatitisi B halihitaji mzigo wa majani yasiyojulikana kipimo, na tenofovir isiachwe hata siku moja. Kinachonikera zaidi ni ushahidi wao. Mgonjwa anakunywa chupa zao kwa miezi, kisha wanamwambia apigwe CT skani ya bei nafuu ya awamu moja, na doa halionekani. Wanashangilia, limeyeyuka! Wakati huo uvimbe upo pale pale, pengine umekua. Umefanana tu na ini katika ile awamu moja, au umepigwa sekunde chache kabla haujageuka mweusi. Nimeona watu waliofika kwa ushahidi wa aina hiyo huku uvimbe umeshaingia ndani ya vena porta.

Doa la milimita 23, likithibitika ni saratani, bado liko chini ya milimita 30, ukubwa ambao kuliunguza kwa sindano hufanya kazi vizuri zaidi. Likivuka hapo, njia zinapungua. Kwa hiyo yeyote atakayewaambia doa limepungua, awe na chupa au awe na koti jeupe, mwambieni aweke picha ya ateri kando ya picha ya ateri, na ya vena porta kando ya ya vena porta. Akishindwa, hana alichopima.