Masharti ninayomwandikia mteja wa mbali kabla kazi haijaanza

Kwa anayefanya kazi kwa mtandao na wateja wa nchi nyingine, kuna ujumbe mmoja unaohitaji uangalifu kuliko hata wasifu: ule wa masharti, unaotumwa kabla kazi haijaanza. Wangu hauzidi nusu ukurasa. Ninaupima kwa swali moja tu: tukija kuvutana mwezi ujao, je, kila sentensi itatoa jibu lisilo na ubishi? “Ninapatikana muda wote” haipiti hapo. “Nalipwa kazi ikiisha” nayo haipiti, maana hatujasema nani wa kuamua kwamba imeisha.

Nianze na saa, kwa kuwa ndizo zinazowaponyoka hata watu makini. Kazi yangu naifanya kwenye UTC+3, yaani saa tatu mbele ya saa ya kimataifa ya UTC, na huku saa hazisogezwi mwaka mzima. Wateja wengi wa Marekani na Ulaya saa zao husogea mara mbili kwa mwaka, tena hawasogezi siku moja. Marekani husogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho ya Machi. Kurudisha nyuma, Ulaya hutangulia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na Marekani hufuata Jumapili ya kwanza ya Novemba.

Chukua mfano wa wateja wawili wenye kikao cha kila Jumatatu. Wa New York anataka saa tatu asubuhi kwake, wa London anataka saa saba mchana kwake. Wakati wa baridi, kwenye UTC+3, kikao cha London huangukia saa kumi (16:00) na cha New York saa kumi na moja (17:00). Ratiba nzuri kabisa. Mwaka 2026 Marekani inasogeza saa tarehe 8 Machi, na kuanzia hapo kikao cha New York kinahamia saa kumi. Vikao viwili, saa ileile, na hakuna aliyegusa kalenda! Hali hiyo inadumu mpaka tarehe 29 Machi, London nayo inaposogeza na kikao chake kuhamia saa tisa (15:00). Oktoba mgongano unarudi kwa wiki moja, kati ya tarehe 25 na Novemba mosi, kisha unapotea tena wenyewe.

Dawa yake ni kukubaliana mapema kikao kinafuata saa ya nani. Mimi huandika: “Kikao kinafuata saa ya New York, kwangu ndiko kitakakosogea.” Halafu kwenye kalenda nachagua jina la mji, `America/New_York`, badala ya kifupi `EST`. Wamarekani wengi huandika EST mwaka mzima kwa mazoea, ingawa kwa usahihi EST ni UTC-5, saa ya baridi, na kiangazi New York huwa UTC-4. Ukiwafuata kwa herufi utachelewa saa nzima. Vifupi vingine ni vibaya zaidi: IST inatumika India, Ireland na Israel.

Kuhusu kupatikana, taja dirisha lako na sehemu inayokutana na lake. Langu ni 11:00 hadi 19:00 UTC+3, Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa anayeanza kazi saa tatu asubuhi New York, hiyo maana yake tuko mtandaoni pamoja kwa muda wa saa mbili wakati wa baridi na saa tatu wakati wa kiangazi. Ni muda mdogo, na ni afadhali aujue kabla hajakuajiri. Anayetaka mtu wa kumjibu siku yake nzima atakwenda kwa mwingine, na hiyo si hasara.

Tarehe ya kukabidhi nayo ina mitego yake. “Mwisho wa siku Ijumaa” kwa mteja wa New York, kama anafunga kazi saa kumi na moja jioni, kwangu tayari ni Jumamosi usiku wa manane. Kwa hiyo naandika: Ijumaa, 6 Machi 2026, 12:00 UTC+3. Mwezi kwa jina, maana 06/03 kwa Mmarekani ni tarehe 3 Juni.

Sasa hela. Tuseme kazi ni ya dola 1,200. Dola 600 zinaingia kabla sijaanza, na neno muhimu hapo ni *zinaingia*. Picha ya risiti ya benki inaonyesha kwamba zimetumwa, hilo tu. Dola 600 za pili zinalipwa ndani ya siku 14 tangu tarehe ya ankara, nami ankara naituma siku ileile ninayokabidhi kazi. Mteja ana siku tano za kazi za kutoa maoni na nafasi mbili za marekebisho. Akinyamaza siku hizo zikapita, kazi imepokelewa.

Kampuni kubwa hazikubali siku 14. Zitakwambia `Net 30`, na hapo ni lazima uulize: siku 30 tangu lini, na malipo mnayaachia tarehe zipi? Ankara ya tarehe 3 Aprili inaiva tarehe 3 Mei. Lakini kama idara yao ya fedha inalipa mara moja kwa mwezi, tarehe 15, hela itatoka tarehe 15 Mei. Siku 30 zimekuwa 42, na hakuna aliyekudanganya. Ukijua hilo mapema unaweza kuomba malipo ya awali makubwa zaidi, au kugawa kazi ili ankara ya kwanza itoke mapema.

Kwa hela inayopita benki, taja pia nani anabeba makato. Fomu ya kutuma fedha nje huwa na chaguo tatu: `OUR`, mtumaji analipa gharama zote, `SHA`, kila upande unabeba za kwake, `BEN`, zote zinakatwa kwa mpokeaji. Kwenye SHA, benki zinazopokezana hela njiani zinaweza kumega kidogo kidogo, na mteja anaona ametuma 600 kamili wakati kwako imefika pungufu. Hata OUR haizuii makato kila mara. Ndiyo maana kwenye ankara naandika “kiasi kinachotakiwa kuingia kwenye akaunti: dola 600”, si “kiasi cha kutuma”.

La mwisho ni uaminifu, na hapa watu hupenda sifa: mchapakazi, makini, anayejituma. Mteja hana namna ya kuzipima. Ninachompa ni mambo mawili anayoweza kuyahesabu. Kila ujumbe nitaujibu ndani ya siku moja ya kazi, hata kama jibu lenyewe ni “nimeona, nitakupa maelezo kamili kesho saa sita mchana UTC+3”. Na nikiona kazi itachelewa, nitamwambia angalau saa 24 kabla ya muda wa kukabidhi, nikiwa na tarehe mpya na sehemu iliyokwisha kukamilika. Umeme na intaneti sivitaji kama visingizio vya akiba. Naandika tu kwamba nina laini ya pili ya intaneti, na kwamba faili za kazi huzipakia kila jioni kwenye folda anayoweza kuifungua mwenyewe, hivyo nikipotea siku moja bado ataona nilipofikia.