Kicheko chake kikianza kuchelewa, acha kumtajia "shemeji"

Tukiwa fomu tuu tulikuwa na mchezo mmoja, mwalimu akimsimamisha rafiki yangu ajibu swali basi nusu ya darasa inakohoa na kugeuka kumwangalia jamaa mmoja wa bench la nyuma, kisa tu walionekana siku moja wanasomea kitabu kimoja cha fizikia. Mimi ndo nilianzisha. Yule jamaa nilikuwa namuita shemeji tena kwa sauti, na wiki ya kwanza rafiki yangu alikuwa anacheka huku ananipiga na daftari, nikajua anafurahia.

Wiki ya pili alikuwa anacheka bado, ila anatuangalia kwanza sisi halafu ndo anacheka. Sikulitilia maanani. Baadae akaacha kunyoosha mkono hata kwenye hesabu anazozijua, disikasheni ya jioni haji, kurudi nyumbani anazunguka njia ya mbali asionekane anaongozana na jamaa. Na jamaa naye akaanza kumjibu hovyo mbele za watu ili tu tuamini hakuna kitu. Yaani walikuwa wanasaidiana masomo vizuri tu, sisi tukawafanya waogopane.

Kilichoharibu kabisa ni mdogo wake rafiki yangu, alikuwa fomu wani, akasikia hilo neno shemeji akalipeleka nyumbani. Kule hakuna aliyesikia utani, walisikia binti yao ana bwana shuleni. Kaulizwa usiku kucha, simu ikachukuliwa. Jamaa hakuna aliyemuuliza chochote, na hapa ndo pananiuma mpaka leo, maneno ni yale yale ila mvulana anaongezewa sifa, msichana anachafuliwa jina.

Sasa nina wadogo zangu wako sekondari na huwa nawaambia hivi, kama rafiki yako kakwambia mwenyewe anamzimia mtu, mtanie mkiwa wawili. Akiwepo huyo mtu, au mwalimu, au ndugu wa yeyote kati yao, kaa kimya. Kama hajakwambia kitu, huyo umempangia wewe. Na usimuulize mbele za watu eti umekasirika, atasema hapana, angesema nini sasa na wote mnamkodolea macho?

Ukishakosea usisimame darasani kuomba msamaha maana hapo umewapa watu kingine cha kukoholea. Mfuate pembeni, mwambie nimeacha, halafu acha kweli. Wengine wakikohoa wewe usigeuke, usitabasamu. Utani wa hivi unabebwa na watu watatu wanne tu, na wote wanamwangalia aliyeanzisha kama atacheka, asipocheka wanachoka wenyewe.

Mimi nilimfuata bombani tukiwa tunachota maji ya usafi. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakusema amenisamehe. Alifungua begi akatoa kile kitabu cha fizikia, akaniambia, "Mrudishie wewe, mimi nikionekana nampa mtaanza tena."