Mgonjwa wa ARV akikuambia "nameza vizuri", usimalizie hapo

Wadogo zangu mnaosomea uuguzi, mkifika kwenye moduli ya ushauri nasaha wa ufuasi wa dawa mtakuta mambo mengi sana, ila mimi leo nataka tukae kwenye ziara ya pili tu, ile ya mtu aliyeanza dawa mwezi uliopita anarudi na kopo lake. Hapo ndo wengi wanauliza "unameza dawa vizuri?" afu mgonjwa anasema ndiyo sista, basi, anaandikiwa nyingine anaondoka. Swali hilo lina jibu moja tu, nani atakwambia hapana ukiwa umemkazia macho?

Chukueni kaka mmoja, mlinzi, yuko kwenye TLD, kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu, tenofovia, lamivudini na dolutegravia. Alipewa vidonge 30, akarudi siku ya 28. Tulitakiwa tukute 2 kwenye kopo, tukakuta 7. Maana yake kameza 23 kati ya 28, kama asilimia 82 hivi, na tunapolenga ni 95 kwenda juu. Sasa hesabu imekwambia kuna 5 vimerukwa, lakini haikwambii kwa nini, na kuna watu wanamwaga vidonge njiani ili kopo lije zuri, kwa hiyo hata kopo lililo sawasawa kabisa lisikufanye uache kuuliza.

Nilichomuuliza ni hivi: "Kaka, watu wengi kuna siku dawa inawapita, wewe mara ya mwisho ilikupita lini, na siku hiyo ulikuwa wapi?" Nikanyamaza. Akasema wiki ile ya shifti ya usiku. Nikamwambia nipitishe siku nzima kuanzia unapoamka. Kumbe saa yake ya dawa ni saa 3 usiku, ila wiki ya usiku saa 12 jioni keshatoka, kopo liko nyumbani, hataki wenzake kazini walione. Anarudi saa 1 asubuhi anakiona kidonge, anakiacha! Kwa nini? Kwa sababu siku ya kwanza aliambiwa "saa ileile, bila kukosa", akaelewa kwamba saa ikipita dozi imeshaharibika, asubiri saa 3 nyingine, na saa 3 nyingine yuko lindoni tena. Usiku tano, vidonge vitano.

Yaani mtu hakuwa mzembe hata kidogo, alikuwa anatii maelekezo. Kwa hiyo kwenye ziara ya kwanza ukimaliza kusema "saa ileile" usiishie hapo, ongeza palepale: ukisahau, meza mara unapokumbuka, ila kama dozi inayofuata imebakiza chini ya saa 4 basi iache usubiri hiyo, na usimeze viwili kufidia. Huyu angekimeza saa 1 asubuhi dozi inayofuata ingekuwa saa 14 mbele, hakuna shida yoyote.

Afu tukatafuta saa ambayo yuko nyumbani shifti zote mbili. Wiki ya mchana anarudi saa 10 jioni, ya usiku anatoka saa 12, basi saa 11 jioni, yeye ndo aliichagua sio mimi. TLD inamezwa na chakula au bila chakula, kwa hiyo tulikuwa huru. Alamu ya simu akaiweka mtetemo bila kuandika neno dawa.

Kabla hajaondoka nikauliza kama anatumia kitu kingine chochote, akataja dawa ya kiungulia ya kununua dukani. Hilo msiliruke jamani, dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu zinazuia dolutegravia isifyonzwe tumboni, mtu anameza kila siku na bado virusi vinapanda. Ameze TLD saa 2 kabla ya hiyo ya kiungulia au saa 6 baada yake.

Kipimo cha wingi wa virusi kitakuja akifikisha miezi 6 kwenye dawa, na kikizidi 1000 anaingia kwenye ushauri wa ziada kisha kinarudiwa baada ya miezi 3, ila mpango kama huu ukiufanya mapema unaweza kumwepusha na hayo yote.

Na kwenye faili usiandike "amepewa ushauri", atakayemwona mwezi ujao hatajua aanzie wapi. Andika: vidonge 5 vilirukwa wiki ya shifti ya usiku, saa mpya saa 11 jioni, anatumia dawa ya kiungulia, aulizwe ile wiki ya usiku ilikwendaje.