PID au MPC kwa rova inayoyumba kwenye kona

"Rova yangu ina PID, kwa 0.5 m/s inafuata njia vizuri, nikienda 1 m/s kwenye kona inayumba. Nihamie MPC?"

Yakhe usihame mwanzo. Spidi ikizidi mara mbili, pembe ileile ya usukani inavuta rova kwa nguvu mara nne, sasa geini ulizopanga kwa 0.5 m/s zinakuwa kali mno ndo mana inayumba. Gawa Kp na Kd kwa nne, halafu jumlisha kwenye usukani pembe ya kona yenyewe, atan(L/R), ekseli zikiachana L ya 0.5 m na nusu kipenyo cha kona R ni 2 m inakuwa kama digrii 14, PID irekebishe kosa lilobaki tu. MPC itie pale usukani unapogota mwisho, maana yenyewe inaiona kona kabla na kupunguza spidi mapema, PID hungoja mpaka rova ishatoka njiani. Ila ina hesabu nyingi, Arduino Uno itakutesa.