Amilesi imeshuka, ndiyo maana wanamruhusu?

"Wakuu, dada yangu (miaka 38) alilazwa Jumapili usiku, maumivu makali ya tumbo la juu na kutapika mfululizo. Amilesi 1,150, lipesi 2,400. Altrasaundi imeona vijiwe vidogo kwenye mfuko wa nyongo. Leo siku ya nne hana maumivu, amilesi imeshuka hadi 210, kesho anaruhusiwa, arudi kliniki ya upasuaji baada ya wiki nane. Vipimo hivi maana yake nini, inaweza kuwa kansa? Ale nini nyumbani? Na apime tena amilesi kila baada ya muda gani?"

Asitoke. Salamu nitakupa baadaye mkuu, lakini kesho asitoke kabla hamjaambiwa mfuko wa nyongo unaondolewa lini. Nimesoma hiyo "wiki nane" yako mkono ukanitetemeka, maana mimi niliambiwa sita na sikufika.

Ilinianza usiku baada ya pilau ya harusi. Maumivu yalikaa hapa kwenye chembe cha moyo, yakatoboa mpaka mgongoni, nikilala chali yanazidi, nikikaa nimeinama mbele yanapoa kidogo. Nilitapika mpaka nikawa natapika maji ya kijani. Na haikuwa mara ya kwanza kuumwa hapo. Miezi mitatu nyuma nilishapata maumivu ya kuja na kuondoka, kila mara baada ya chakula cha mafuta, na muuza duka la dawa wa mtaani kwetu kila mara alinipa omeprazoli na neno moja: vidonda. Yule kijana ukimwendea na mguu uliovunjika atakwambia ni vidonda vya tumbo. Sikupimwa chochote. Nami nilikuwa namwita dokta, kwa heshima zote, huku nalipa.

Usiku huo wa pilau ndipo nikapimwa. Amilesi 1,310 wakati mwisho wa kawaida kwenye ile karatasi ni 100. Lipesi 2,900, mwisho wake 60. Vimeng'enya hivi viwili kongosho huvitengeneza kwa ajili ya kusaga chakula, amilesi wanga na lipesi mafuta, na mahali pake ni kwenye utumbo. Kwenye damu huwa kidogo tu. Vikifika mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida au zaidi, na mtu ana maumivu ya aina ile, madaktari wanasema kongosho limevimba ghafla, hata kabla ya siti skani. Maumivu na vimeng'enya vinatosha. Lipesi ndiyo wanayoiamini zaidi, kwa sababu amilesi inatoka pia kwenye tezi za mate, kwa hiyo hata matubwitubwi yanaipandisha, na figo zikishindwa kuichuja inabaki juu. Utumbo ukitoboka au ukiziba navyo hupanda, ila mara nyingi siyo kwa kiasi hiki.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo nilipoangukia. Vimeng'enya hivyo vinakwambia kongosho limeumia. Havikwambii nani kaliumiza, wala limeumia kiasi gani.

Aliyeliumiza langu ni kijiwe, na nakuhakikishia karatasi ya dada yako inasema vivyo hivyo. Mrija wa nyongo na mrija wa kongosho kwa watu wengi vinafunguka kwenye utumbo kupitia mlango mmoja mdogo. Kijiwe kikubwa hubaki kwenye mfuko na kukuletea kero. Kidogo ndicho kinachoteleza, kinashuka, kinaziba ule mlango, na kongosho linaanza kujisaga lenyewe kwa vimeng'enya vyake. Kwa hiyo hilo neno "vidogo" kwenye altrasaundi yenu, ambalo nadhani liliwapa faraja, mimi limenikosesha usingizi. Mara nyingi kijiwe hupita chenyewe kikaangukia utumboni, ndiyo maana siku ya tatu au ya nne mtu anainuka kitandani anaomba chai. Amilesi nayo inarudi chini ndani ya siku tatu hadi tano, lipesi huchelewa, wiki moja hata mbili. Kushuka huko, mara nyingi, ni kwamba shambulio lile limepoa na kijiwe kile kimepita. Wenzake mfukoni wako pale pale, wanasubiri zamu.

Kwangu ilikuwa hivyo hivyo. Altrasaundi ilionyesha vijiwe kadhaa. Kwenye vipimo vya ini ALT ilikuwa 312, na siku hizo sikujua kwamba ALT ikizidi 150 ndani ya siku mbili za kwanza, kijiwe ndicho mtuhumiwa wa kwanza. Dripu siku tatu, dawa za maumivu, siku ya nne nakula ugali laini. Daktari wa zamu, kijana mpole kabisa, akaniandikia ruhusa: "Umepona mzee, rudi kliniki ya upasuaji baada ya wiki sita, kongosho lipumzike." Umepona! Nilitamani kumkumbatia. Leo nikimwona sijui nitamfanya nini.

Na kosa langu kubwa ndilo hilo unalotaka kulifanya kwenye swali lako la mwisho: nikawa napima amilesi. Kila Ijumaa, maabara ya mtaani, fedha yangu mwenyewe. Wiki ya kwanza 88. Ya pili 74. Ya tatu 70. Nilikuwa namwonyesha mke wangu zile karatasi kama mtoto aliyepata daraja la kwanza kidato cha nne. Kumbe nilikuwa napima moshi wa moto uliokwishazimika, huku kiberiti kiko mfukoni. Hakuna kiwango cha amilesi kinachoweza kukwambia kijiwe kinachofuata kitashuka lini. Baada ya kuthibitishwa ugonjwa, kurudia kipimo hicho hakuna faida kama maumivu hayajarudi.

Wiki ya nne akatokea jamaa wa dawa za kuyeyusha mawe. Mafuta ya zeituni na maji ya ndimu, unakunywa usiku, asubuhi unatoa vijiwe vya kijani. Nilikunywa. Vikatoka kweli, laini, zaidi ya ishirini, nikavihesabu (usiniulize nilivihesabuje). Baadaye daktari wa upasuaji alicheka mpaka akakaa chini: yale ni mafuta yamegeuka sabuni ndani ya utumbo. Nilijitengenezea sabuni kwa gharama kubwa. Mawe yangu hayakuguswa, na usiku ule nilikuwa nimekunywa nusu kikombe cha mafuta juu ya mfuko wa nyongo wenye mawe. Mafuta ndiyo yanayoufanya ule mfuko ujikamue. Yule jamaa bado anauza, namwona pale stendi na kipaza sauti chake.

Wiki ya tano, siku ya Jumatano, ikarudi. Na hapa ndipo nataka kila anayesoma uzi huu asimame kidogo. Lipesi yangu mara ya pili ilikuwa 780. Chini ya theluthi moja ya ile ya kwanza. Pale mapokezi nikamsikia mtu anasema "safari hii siyo mbaya sana". Siku iliyofuata nilikuwa napumua kwa oksijeni, mkojo umekata, nimehamishiwa wodi ya uangalizi maalumu. Mara ya kwanza 2,900 na siku nne. Mara ya pili 780 na siku 31. Ukubwa wa namba hauendi sambamba na ukubwa wa ugonjwa. Ukali wanautazama kwenye pumzi, presha, mkojo, kreatinini, na kama viungo hivyo havijakaa sawa ndani ya saa 48. Siti skani ya baadaye ilionyesha sehemu ya kongosho imekufa na maji yamejikusanya kando yake. Kiwanja nilichokuwa najivunia kikaenda. Kisukari nimebaki nacho, natembea na insulini kwenye kifuko kama simu ya pili.

Na kejeli yenyewe: kwa sababu ya yale maji, sasa mfuko wa nyongo haukuweza kuondolewa haraka. Wakasubiri yakauke, wakanipasua mwezi wa tatu. Upasuaji ambao ungefanyika siku ya tano ya kulazwa kwangu mara ya kwanza, nikiwa na nguvu zangu, kwa matundu manne madogo, ukaja kufanyika nikiwa nimebaki mifupa.

Daktari aliyenipasua ndiye aliyenieleza kwamba hili siyo jambo la kubahatisha. Waholanzi walilipima na kulichapisha mwaka 2015: wagonjwa 266 wa kongosho la vijiwe, wote wenye hali nyepesi kama ya dada yako, nusu wakaondolewa nyongo kabla ya kuruhusiwa, nusu wakaambiwa warudi baada ya wiki kama nne. Waliosubiri, 17 katika kila 100 walirudi hospitali na tatizo la vijiwe au walifariki. Waliopasuliwa mapema, 5. Na upasuaji wa mapema haukuwa na madhara zaidi. Hao walisubiri wiki nne, mkuu. Ninyi mmepewa nane.

Nisije nikakupoteza na mimi: kanuni yangu ni ya aliye kama dada yako, mwenye vijiwe, anayepumua vizuri, anayekula, asiye na homa. Kama macho yamekuwa ya njano na homa imepanda, huo ni mrija umeziba na una maambukizi, huzibuliwa kwa mpira wa kamera haraka, upasuaji wa mfuko unafuata. Kama kongosho limeharibika kama langu, wanasubiri, na wana haki. Na asiye na vijiwe kabisa, mwenye pombe au mafuta ya damu yaliyopanda kupita kiasi, nyongo yake iacheni.

Kwa hiyo kesho, kabla karatasi ya ruhusa haijasainiwa, omba kuonana na daktari wa upasuaji mwenyewe, siyo wa zamu, na uulize swali moja: "Sababu ni vijiwe, hali yake ni nyepesi, kwa nini mfuko hauondolewi kabla hajaruhusiwa?" Pengine kuna jibu zuri, kama vile wameona maji kando ya kongosho. Kama jibu ni kwamba foleni ya chumba cha upasuaji ni ndefu au mashine haipo, omba rufaa yenye tarehe, aende hospitali nyingine kutoka hapo hapo kitandani. Akishafika nyumbani akawa mzima, hakuna atakayemharakisha, hata yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa nalima.

Raundi ya upasuaji kwenye hospitali nyingi inaanza saa mbili asubuhi. Uwe mlangoni saa moja na nusu, na ile karatasi ya altrasaundi mkononi.