Jua la Dodoma pekee halimalizi sumu ya muhogo

Mvua zikikatika mapema huku kwetu, mahindi hukauka yakiwa usawa wa magoti, uwele nao hutoa masuke mepesi. Muhogo hubaki. Ndiyo maana kaya nyingi za Chamwino, Bahi na Kongwa hazikosi kipande cha muhogo kwa ajili ya mwaka mbaya. Tatizo ni kwamba mwaka huohuo wa ukame ndio muhogo unapokuwa na sumu nyingi kuliko kawaida, maji ya kulowekea yanakuwa adimu, na njaa inamsukuma mtu kuifanya kazi ya wiki nzima kwa siku mbili.

Nikizungumza na wenzangu kuhusu makopa, hoja ninayoisikia mara nyingi ni hii: "Dada, kwa jua hili la kwetu, sumu itabaki wapi?" Hoja hiyo inaonekana ya busara, lakini si kweli, na naomba tuielewe vizuri kwa sababu hapo ndipo watu wanapoumia.

Sumu ya muhogo ni sianidi, lakini ndani ya muhogo haikai ikiwa tayari. Imefungwa ndani ya kitu kinachoitwa linamarini. Pembeni yake, kwenye kuta za seli, kuna kimeng'enya chenye uwezo wa kuivunja linamarini hiyo, lakini muhogo ukiwa mzima viwili hivi havikutani. Ukiukata, ukiuponda au ukiuloweka mpaka ulainike, vinakutana, linamarini inavunjika na sianidi inatoka. Sianidi ikishatoka huwa si kazi tena kuiondoa, maana huchemka kwenye nyuzijoto 26 tu, kwa hiyo inapaa hewani yenyewe au inabebwa na maji. Kazi yote iko katika hatua ya kwanza, ile ya kuvikutanisha, na hatua hiyo inahitaji vitu vitatu: muhogo uliovunjwavunjwa, unyevu, na muda.

Sasa fikiria kipande kinene cha muhogo mchungu juu ya bati mwezi wa Agosti, upepo ukivuma. Siku ya pili tayari kimekuwa kigumu. Kimeng'enya hakifanyi kazi pakavu, kwa hiyo maji yalipokwisha, kazi ilisimama, na linamarini iliyokuwa haijavunjwa ikabaki ndani ya kipande. Ukikitwanga utapata unga mweupe pee, wa kuvutia macho, nao ndio wa hatari. Ukiula, vijidudu vya tumboni vinaivunja linamarini na kutoa sianidi ndani ya mwili wako. Jua kali na hewa kavu ya Dodoma, tunavyovitegemea, ndivyo vinavyoukausha muhogo kabla haujamaliza kutoa sumu.

Tupige hesabu kwa muhogo mchungu wa kawaida, wenye miligramu 200 za sianidi kwa kila kilo mbichi. Inahitajika kama kilo tatu za muhogo uliomenywa kupata kilo moja ya unga, kwa hiyo tumeanza na miligramu 600. Kuanika peke yake kunaweza kubakiza robo ya sumu au zaidi. Robo ni miligramu 150 katika kilo moja ya unga. Kiwango cha kimataifa cha unga salama wa muhogo ni miligramu 10 kwa kilo. Unga huo umekauka vizuri, hauna uvundo, na umezidi kiwango mara kumi na tano.

Nchi hii imeshapita huko. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime walipatwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu yote miwili kwa ghafla na usiopona, ambao huwapata zaidi watoto na wanawake. Mwaka 1988 Masasi watu walipata sumu kali baada ya kula muhogo mchungu uliotayarishwa kwa haraka wakati wa upungufu wa chakula. Walikuwa wakitwanga na kuanika, wakitwanga tena na kuanika, ndani ya muda mfupi, bila kuloweka. Mwili una njia yake ya kuipunguza makali sianidi, lakini unahitaji salfa inayotoka kwenye vyakula vya protini. Mtu anayekula ugali wa muhogo kwa mlenda mtupu, bila kunde, maziwa, nyama wala dagaa, anakuwa na kinga ndogo zaidi.

Mchungu na mtamu unautambuaje? Njia tuliyorithi ni kumenya kipande kidogo cha nyama ya muhogo mbichi, kukigusisha ulimini, kukitafuna kidogo na kutema. Uchungu ukija, umepata jibu: huo si wa kuchemsha wala kukaanga. Ulimi ukikuonya, utii. Lakini ulimi ukinyamaza, usiuamini moja kwa moja, maana utamu mwingine wa muhogo hufunika uchungu, na mihogo ya shina moja inaweza kutofautiana. Mimi huonja kutoka kwenye mashina kadhaa, tena upande ulioungana na shina, kwa kuwa mara nyingi sumu ni nyingi zaidi huko kuliko kwenye ncha.

Rangi ya kikonyo cha jani au ya ganda haisaidii mpaka uijue mbegu yenyewe. Jirani anaweza kuniambia kwamba muhogo wake wa vikonyo vyekundu ni mtamu, na ikawa kweli shambani kwake, halafu mbegu nyingine yenye vikonyo kama hivyo ikawa chungu. Kwa hiyo unapochukua pingili za kupanda, muulize anayekupa: mnaula mbichi, mnauchemsha, au mnaufanya unga tu? Jibu hilo lina thamani kuliko kuangalia majani. Na hata mbegu tamu unayoijua miaka yote, onja upya mwaka wa ukame. Mmea ukikosa maji huongeza linamarini, na muhogo mliokuwa mkiuchemsha mwaka jana unaweza kubadilika mwaka huu.

Kuna wanaosema mchungu ukichemshwa sana utakuwa salama. Hapana. Maji yakikaribia kuchemka kimeng'enya hufa, na linamarini inabaki, isipokuwa ile kidogo inayoyeyukia kwenye maji. Hata muhogo mtamu mimi huukata vipande vidogo, nauanza kwenye maji baridi, nachemsha bila kufunika, kisha namwaga maji. Kisamvu nacho tunakitwanga kabla ya kukipika kwa sababu hiyohiyo. Anayechemsha majani mazima kwanza halafu ndiyo atwange, ameua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi.

Muhogo mchungu kwangu unapitia ndoo. Namenya ganda la nje la kahawia pamoja na lile la ndani, nene, la weupe au waridi, kwa sababu ganda hilo lina sumu nyingi kuliko nyama. Nakata vipande vya urefu wa kiganja na kuvipasua katikati. Ndoo ya lita 20 inaingia kama kilo 10, na maji ya kuvifunika hayafiki lita 10. Nafunika, naweka mahali pa joto. Baada ya siku tatu kipande kizuri kinabonyea kwa kidole, kinamegeka chenyewe, kambakamba ya katikati inachomoka, na ndoo ina harufu ya uchachu. Juni na Julai usiku ni baridi, kwa hiyo siku tatu hazitoshi. Nasubiri mpaka siku ya tano, pengine zaidi. Sihesabu siku, nasikiliza kidole. Kipande kilicho kigumu katikati kinarudi ndooni.

Kilicholainika nakikamua, nakivunja kwa mikono kiwe chengachenga, nakianika kwa tabaka jembamba kwenye turubai juu ya kichanja, mbali na vumbi na kuku. Hapa sasa jua la Dodoma ni rafiki, maana seli zimeshavunjika na sianidi iliyotoka inapaa. Chenga zikiwa zinavunjika kwa mlio, ndipo natwanga. Maji ya ndoo namwaga shimoni, mbuzi asiyafikie. Nabakiza kikombe kimoja tu cha maji hayo kuchachushia ndoo inayofuata, ambayo hulainika mapema zaidi.

Mama mkwe wangu, mtu wa Kanda ya Ziwa, alinifundisha njia ya wasio na maji. "Mwanangu, kama huna maji, vundika," aliniambia. Wao hufanya udaga: muhogo uliomenywa unanyaushwa kidogo juani, unarundikwa na kufunikwa siku tatu mpaka tano, unapata joto, unaota ukungu na kulainika, ukungu unakwanguliwa, muhogo unavunjwa na kuanikwa. Sumu inapungua sana kwa njia hiyo. Mimi bado napendelea ndoo nikiwa na maji, kwa kuwa baadhi ya ukungu huleta sumu yake nyingine.

Na kama unga umeununua sokoni na hujui ulivyotengenezwa? Kuna hatua ndogo iliyofanyiwa utafiti na kutumika Tanzania, Msumbiji na Kongo, nayo inataka maji kidogo sana. Weka unga kwenye beseni, usawazishe, uweke alama ulipofika. Tia maji kidogokidogo ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye ile alama, acha kutia maji. Utandaze kwenye mkeka safi, unene usizidi sentimeta moja, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini. Unyevu unakiamsha kimeng'enya kilichobaki kwenye unga, na sianidi inapaa. Sumu hupungua mara tatu mpaka sita. Ugali upikwe siku hiyohiyo, maana unga wenye unyevu hauhifadhiki.

Fahamu mipaka yake. Ule unga wetu wa miligramu 150, hata ukipungua mara sita, unabaki na 25, bado juu ya kiwango. Unga uliotokana na muhogo uliolowekwa vizuri ukabaki na 20, kwa njia hii unashuka chini ya 10. Kwa hiyo hatua hii inafuata kuloweka, na pale ambapo muhogo haukulowekwa, inapunguza tu hatari.

Baada ya kula, mtu akianza kizunguzungu, kichwa kuuma, tumbo kukata, kutapika, kuishiwa nguvu au kuhema kwa kasi ndani ya saa chache, mpelekeni kituo cha afya mara moja. Msisubiri kuona kama itapita, hasa kwa mtoto. Mwambieni mhudumu kwamba amekula muhogo na saa aliyokula, na mzuie wengine waliobaki nyumbani wasiendelee na ugali huo.